Kununua boda iliyotumika Uganda: ipi ichukuliwe kwanza, ipi iachwe

Wanunuzi wengi wa boda iliyotumika, iwe Busia, Tororo au Kampala, huanza kwa kuwasha injini na kusikiliza. Mimi nakushauri uombe logibuku kwanza, yaani ile kadi ya umiliki. Ringi zilizokwisha fundi wa Ndeeba atazibadilisha na utarudi barabarani. Kadi yenye jina la mtu asiyejulikana aliko haina fundi. Kwa hiyo nazipanga pikipiki kwa kuangalia zimetoka mikononi mwa nani. Suala la Boxer au TVS nitalimaliza kwa sentensi moja: zote mbili zina vipuri karibu kila mji wa Uganda, basi chukua ile ambayo fundi wako wa karibu anaijua zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa pikipiki inayouzwa na mtu ambaye jina lake ndilo lililo kwenye logibuku halisi. Umwone na kitambulisho chake cha taifa, ulinganishe jina herufi kwa herufi. Kuna njia nyingine rahisi: anza kutuma pesa kidogo kwenye namba yake ya simu, jina lililosajiliwa litatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa jina jingine kabisa, muulize kwa nini, na usikilize vizuri anavyojibu. Omba pia mkutane nyumbani kwake. Mtu anayekataa kabisa kukuonyesha anapoishi, kila siku anataka mkutane steji au kwenye kituo cha mafuta, mimi huachana naye.

Ya pili ni ile iliyonunuliwa kwa mkopo na mkopo umekwisha. Hizi ni nyingi, maana vijana wengi wa boda hupata pikipiki kupitia kampuni kama Tugende na Watu, na nyingi zimetunzwa vizuri kwa sababu ndizo zilizomlisha mwenyewe. Shida ni kwamba wakati mkopo unaendelea, kadi haiwi mkononi mwa dereva. Muuzaji akikwambia "nimebakiza kidogo tu, nipe pesa nikamalizie," usimpe yeye. Nendeni pamoja ofisi ya kampuni, deni lilipwe mbele yako kwenye akaunti ya kampuni, na barua ya kumaliza deni itoke siku hiyo. Kuna pia mikopo ya benki na SACCO ambayo haionekani kwenye kadi. Hiyo utaitafuta kwenye SIMPO, rejista ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, inayoandika mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana. Tafuta kwa kitambulisho cha muuzaji na kwa namba ya chesisi.

Ya tatu ni ile iliyopita mikono kadhaa kwa makubaliano ya karatasi tu. Kadi ina jina la Okello, Okello alimuuzia Wafula, Wafula akamuuzia huyu aliye mbele yako, na hakuna aliyebadilisha jina. Inaweza kununuliwa, lakini kwa sharti moja: mtu wa kwenye kadi apatikane, aje mwenyewe asaini. Kama amefariki, anayeweza kusaini ni yule aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi. Mjane au mtoto asiye na barua hizo hawezi kukuhamishia, hata kama anasema kweli tupu.

Ya mwisho siipi nafasi yoyote: pikipiki isiyo na kadi, yenye "kadi imepotea", au yenye namba ya Kenya inayoanza na KM na kuuzwa rahisi huku Busia. Hiyo ya Kenya haiwezi kupata namba ya Uganda bila kupita forodha na kulipiwa ushuru, na mara nyingi ushuru huo unameza urahisi wote wa bei. Ikigundulika ni ya wizi, polisi wataichukua, pesa yako hairudi, na wewe mwenyewe utatakiwa kujieleza.

Ukiridhika na kadi, ndipo uinamie pikipiki. Kwenye Boxer namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini iko kwenye kasha la injini upande wa kushoto karibu na gia. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa, usome kwa tochi. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na haina kamwe I, O wala Q. Za Bajaj, watengenezaji wa Boxer, huanza na MD2, za TVS na MD6. Pitisha kidole: ukihisi bonde lililosagwa, au herufi moja imekaa juu na nyingine chini, au rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani yake, ondoka.

Injini ishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Rudi kesho alfajiri. Ikiwaka, iache itulie dakika chache kisha piga resi. Moshi wa buluu unaotoka mwanzoni tu na kupotea, mara nyingi ni sili za valvu. Ukiendelea kila unapovuta mafuta, ni ringi na silinda. Kisha vuta cheni kwa nyuma ya spoketi kubwa: ikiachana na meno hadi uone karibu nusu ya jino, imekwisha. Inua tairi la mbele, zungusha usukani polepole. Ukigandia katikati, bearingi za shingo zimekufa, au pikipiki iligongwa. Angalia chini ya shingo kama rangi imekunjamana. Kilomita za kwenye saa usiziamini, kwani waya wake hukatika au hukatwa. Badala yake tazama mpira wa kukanyagia na pedali ya breki vimelika kiasi gani.

Bei nayo ina hesabu yake. Chukua Boxer ya nafasi ya kwanza Tororo, muuzaji anataka shilingi 3,800,000. Moshi ni wa ringi, cheni imekwisha, tairi la nyuma ni kipara. Fundi anakadiria 220,000 kwa pistoni, ringi na kuchonga silinda, 70,000 kwa cheni na spoketi, 110,000 kwa tairi. Jumla 400,000. Basi anzia 3,300,000, na usivuke 3,400,000. Halafu uliza dukani bei ya mpya wiki hiyohiyo. Kama bei ya iliyotumika pamoja na matengenezo inapita robo tatu ya mpya, mimi naiacha.

Makubaliano yaandikwe yakiwa na namba zote mbili, majina, kiasi na tarehe, mbele ya mwenyekiti wa LC1 wa anakoishi muuzaji, maana huyo ndiye anayemjua. Lipa kwa benki au simu ili ushahidi ubaki, na shikilia sehemu ya pesa hadi jina libadilike. Usajili sasa uko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, si URA tena kama zamani, ingawa ninyi wote wawili bado mnahitaji TIN ya URA. Kadi mpya ikitoka, kabla hujaondoka dirishani, soma namba ya chesisi, namba ya injini na jina lako herufi kwa herufi, na kosa lolote lirekebishwe hapohapo.