Fonti niliyoinunua haijui kuunganisha ڠ

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua fonti ya hati ya Kiarabu kwa ajili ya kupanga tenzi za Kiswahili zitakazochapishwa, na tangu hapo sijaacha kuudhika. Ukurasa wa matangazo ulionyesha naskhi iliyotulia, yenye mistari minene kwa kiasi na nukta zilizokaa mahali pake, nami nilivutiwa kama ambavyo yeyote angevutiwa. Herufi za kawaida zote zilikwenda vizuri. Hata پ, چ, گ na ڤ, ambazo Waarabu hawazihitaji lakini sisi hatuandiki Kiswahili sawasawa bila hizo, ziliungana bila taabu.

Kisha nikaandika neno «kung'uta».

Neno hilo huandikwa كُڠُوتَ, na ndani yake ڠ, yaani ng', hukaa katikati: kafu huishika kwa kulia, wau huishika kwa kushoto, na kichwa chake hupaswa kufumba na kuwa kidogo kama kile cha aini ya katikati ya neno. Katika fonti hii kafu ilinyoosha mkono, wau nayo ikanyoosha wake, na kati yao ڠ ikasimama peke yake, kubwa, mdomo wazi na mkia umening'inia chini, haikumshika yeyote. Maana yake ni kwamba mchoraji aliichora herufi hiyo katika umbo moja tu, la kusimama pekee, akaacha maumbo ya mwanzo, ya kati na ya mwisho.

Niliwaandikia wauzaji kwa adabu na kuambatanisha picha. Jibu lilikuja fupi: fonti yao inafuata Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu, herufi niliyoitaja si ya lugha yoyote kati ya hizo, na kwa hiyo nitumie غ. Nitumie غ! Ni kweli kwamba waandishi wetu wa zamani walitumia غ kwa ng' pia, kama walivyotumia ب kwa p na ف kwa v, na msomaji aliyeujua utenzi kwa moyo aliweza kukisia. Lakini ڠ huongezwa ili msomaji asikisie, na sikulipa fedha ili nifundishwe imla ya lugha yangu na mtu asiyeisoma. Zaidi ya hayo, ڠ ni herufi ya kila siku katika Jawi, hati ya Kiarabu ya Wamalei. Herufi hiyo haikosi watu. Wauzaji ndio hawakuwatafuta.

Katika kuwatendea haki, nilijiuliza kama kosa ni la programu yangu. Zipo programu za zamani zinazounganisha herufi kwa kutumia maumbo yaliyokwisha kupangwa katika jedwali la Yunikodi, na humo ڤ ina maumbo yake lakini ڠ haina. Dalili hutofautiana, na ni kafu inayoitoa: ikiwa nayo imejikunja kana kwamba neno limekwisha, shuku programu, ikiwa imenyoosha mkono na haikupokewa, shuku fonti. Yangu ilikuwa imenyoosha.

Tangu hapo, kabla ya kununua chochote, huandika ـڠـ, yaani ڠ kati ya mistari miwili ya kurefushia, katika kisanduku cha majaribio cha muuzaji. Fonti inayotaja Jawi kwa kawaida hupita hapo. Hata hivyo Jawi kwa kawaida huandikwa bila alama za irabu, kwa hiyo kufaulu huko hakuthibitishi kwamba e na o zitakaa. Wanaotumia alifu ndogo ya chini (U+0656) kwa e na dhuma iliyopinduliwa (U+0657) kwa o wazijaribu juu ya herufi iliyo katikati ya neno. Fonti isipokuwa na alama hiyo, programu huazima fonti nyingine, na mara nyingi herufi iliyobeba irabu huhamia huko pamoja nayo. Utaona unene unabadilika ghafla na kiungo hakikutani.

Sasa napanga kwa Scheherazade New ya SIL, ambayo ni ya bure, huunganisha ڠ pande zote na huziweka e na o pasipo kugombana na nukta. Siipendi sana. Herufi zake huonekana ndogo kwa kipimo kilekile na nafasi kati ya mistari ni pana mno, hivyo utenzi hula kurasa.

Nilikusudia kuipa ile ya kununua alama ya wastani, kwa kuwa nukuu za Kiarabu tupu bado naziandika kwa hiyo na sijaona nzuri kuizidi. Nimesoma tena jibu lao. Kwa Kiswahili, msiinunue.