Kimondo cha Mbozi bila wageni: mediani au wastani?

Wageni wa Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililoanguka Tanzania kutoka angani, hupenda kuegemea chuma chenyewe wakipigwa picha. Ukikitaka peke yake, funga kamera kwenye stendi, usiguse fokasi wala mwanga, piga picha 9 ukiachanisha kama nusu dakika, kisha uziunganishe.

Chukua pikseli moja. Katika picha 6 inaonyesha chuma, thamani ya mwanga 60. Katika 3 imezibwa na shati jeupe, 240. Wastani wake ni 120, kwa hiyo shati linabaki kama kivuli cheupe juu ya kimondo. Mediani huzipanga kwa ukubwa na kuchukua ya tano: 60, chuma kitupu. Kwa programu ya ImageMagick, amri ni hii:

```
magick *.jpg -evaluate-sequence median safi.jpg
```

Mimi kwa kazi hii nachagua mediani bila kusita. Wastani nauacha kwa kupunguza chenga pale ambapo hakuna kinachosogea. Ila mediani nayo ina mpaka. Mgeni akisimama palepale katika picha 5 kati ya 9, thamani yake ndiyo inakuwa ya katikati. Ukiona miguu isiyo na mwili, ujue kichwa kilisogea, miguu haikusogea. Msubiri aondoke, uongeze picha. Kupiga haraka haraka hakusaidii.