"Tueleze kuhusu wewe": kuanzia utotoni au kuanzia kazi ya sasa?

Msailiwa wa nafasi ya mapokezi katika hoteli mjini Moshi anapoulizwa swali hili, ana njia mbili. Ya kwanza hufuata miaka: kuzaliwa Rombo, shule ya msingi, sekondari, chuo, ndipo kazi. Ni rahisi kukumbuka, lakini dakika 2 humwishia akiwa bado kidato cha nne, na jopo huanza kupekua wasifu wake ili kutafuta lenyewe ambacho hakijasemwa.

Ya pili huanza na sasa, ikarudi nyuma, ikaishia kwenye nafasi inayoombwa: "Kwa sasa ninahudumu mapokezi katika nyumba ya wageni yenye vyumba 20, ambako ninapokea wapanda mlima wanaofika usiku. Kabla ya hapo nilisomea hoteli kwa miaka 2, na huko ndiko nilikojifunza kufunga hesabu za siku. Ninaomba nafasi hii kwa sababu mnapokea makundi makubwa, nami nataka kuyahudumia." Maneno haya hayafiki dakika 1, hivyo inabaki nafasi ya mfano mmoja wa tukio alilolishughulikia, ambao ningeuweka mara baada ya sentensi ya kwanza.

Ninaipendelea hii hata kwa aliyehitimu juzi; yeye aanze na mafunzo yake ya vitendo.