Uzoefu wangu na YouTube Studio: namba za papo hapo na ripoti iliyofungwa

Ninaendesha chaneli ya YouTube inayoonyesha bei za samaki zinavyopanda na kushuka kwenye soko la Deep Sea hapa Tanga, na YouTube Studio ndiyo ninayoitegemea kwa hesabu zote. Tathmini hii nimeiweka kwenye jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalogombanisha wenye chaneli na wadhamini wao: kadi ya `Realtime` inasema utazamaji ni idadi fulani, halafu siku tatu baadaye ripoti ya tarehe zilezile inatoa namba nyingine. Anayeona hivyo kwanza hudhani ameibiwa, au utazamaji wake umefutwa. Ukikaa ukapiga hesabu utakuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo haijafutwa na mtu. Imehamia tarehe nyingine.

Hizo ni hesabu mbili tofauti, na kila moja ina kazi yake. Kadi ya `Realtime` inakupa makadirio ya saa 48 zilizopita na ya dakika 60 zilizopita. Mchoro wake wa saa 48 una nguzo moja kwa kila saa. Ukigusa nguzo unaona utazamaji wa saa ile, na saa hizo zinaandikwa kwa majira ya mahali ulipo, yaani kwa mwenzangu wa Chumbageni ni saa zake za ukutani. Dirisha lenyewe linatembea: ulichokiona saa mbili usiku si kilekile utakachokiona saa tatu, kwa kuwa saa moja imeingia mbele na moja imetoka nyuma.

Ripoti ya kawaida, ile unayoifungua kwa `Advanced mode` na kuchagua tarehe, inafuata majira ya Pasifiki, ya California. Siku ya ripoti huanza usiku wa manane wa kule na kuishia usiku wa manane wa kule, haijalishi wewe uko wapi. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, usiku wao wa manane ni saa tano asubuhi yetu wakati wa baridi yao, na saa nne asubuhi wakati wao wameshasogeza saa mbele. Wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo "Jumamosi" ya ripoti, ukiitazama kutoka Tanga, inaanza Jumamosi karibu na chai ya saa nne au saa tano na kumalizika Jumapili saa ileile.

Nichukue video moja niioneshe hesabu yote. Imepandishwa Ijumaa tarehe 10 Januari 2025, saa moja kamili jioni. Jumapili tarehe 12, saa moja jioni ilipogonga, kadi ya `Realtime` ya video hiyo ilikuwa na utazamaji 3,120. Hizo ni saa 48 kamili tangu kupandishwa. Ripoti ilipokuwa tayari, nikachagua tarehe 10 na 11, yaani Ijumaa na Jumamosi, siku mbili. Ijumaa ilikuwa 1,390, Jumamosi 1,020. Jumla 2,410. Pengo ni 710, na kwa mdhamini anayelipa kwa kila utazamaji elfu moja, hilo ni pengo la kumfanya apige simu.

Sasa tazama saa. Januari tofauti yetu na Pasifiki ni saa 11. Ijumaa ya ripoti, kwa video hii, ilikuwa na saa 16 tu: kuanzia saa moja jioni ya Ijumaa hadi saa tano asubuhi ya Jumamosi. Jumamosi ya ripoti ikachukua saa 24 zinazofuata, hadi saa tano asubuhi ya Jumapili. Hapo umefika saa 40. Zile saa nane zilizobaki, kuanzia saa tano asubuhi ya Jumapili hadi saa moja jioni, kwenye ripoti ni mali ya tarehe 12, tarehe ambayo sikuichagua. Na Jumapili ile ilikuwa Siku ya Mapinduzi, watu wako nyumbani na simu mkononi.

Nguzo nane za saa hizo kwenye kadi ya `Realtime` zilijumlisha 640. Toa 640 kwenye 3,120, unabaki na 2,480. Linganisha hiyo na 2,410 ya ripoti, kwa sababu sasa zote mbili zinahesabu saa zilezile 40. Tofauti ya kweli ni 70, chini kidogo ya asilimia tatu. Katika pengo la 710, utazamaji 640 ulikuwa suala la saa tu.

Hizo 70 ndizo zilizopunguzwa kweli. Namba ya papo hapo ni makadirio, imetolewa haraka kabla ya ukaguzi kukamilika. Mfumo unaendelea kuchuja uchezaji usio wa mtu aliyeamua kutazama: programu zinazocheza video zenyewe, au ukurasa unaofunguliwa tena na tena. Ndiyo sababu kihesabu cha chini ya video nacho huweza kupunguza mwendo, kusimama au hata kurudi nyuma. Waliokuwapo zamani wanakumbuka kilivyokuwa kikiganda kwenye 301, hadi utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 2015. Ukaguzi haukuondoka pamoja nao. Kilichobadilika ni namna ya kuuonyesha.

Asilimia mbili au tatu hainisumbui. Baada ya kusawazisha saa, pengo likiwa robo au zaidi, hapo fungua vyanzo vya utazamaji vya video hiyo na uangalie mambo mawili kwa pamoja: sehemu ya `External` imevimba kuliko kawaida yako, na muda wa wastani wa kutazama kutoka chanzo hicho ni sekunde chache. Yakikutana hayo mawili, mara nyingi kuna tovuti iliyobandika video yako ikijicheza yenyewe, au kuna mtu "amekuongezea" utazamaji kwa kulipia. Huo hautarudi, na usimwahidi mdhamini kwamba utarudi.

Usikimbilie kusawazisha kabla ripoti haijafungwa. Mimi huipa siku mbili hadi tatu baada ya siku ya Pasifiki kumalizika, kwa hiyo Jumamosi ya mfano wetu, iliyomalizika Jumapili saa tano asubuhi, siiamini kabla ya Jumatano. Wanaochota namba kwa programu wana mtego wao hapa. Ombi kama hili:

```
GET https://youtubeanalytics.googleapis.com/v2/reports
  ?ids=channel==MINE
  &startDate=2025-01-10&endDate=2025-01-12
  &metrics=views&dimensions=day
```

likitumwa mapema halirudishi kosa. Linarudisha siku hadi ile ya mwisho ambayo vipimo vyote ulivyoomba vimekamilika, basi. Unaomba siku tatu unapewa safu mbili, na jedwali lako linajumlisha kimya kimya kana kwamba zimetimia. Hesabu safu kwanza kabla ya kujumlisha. Ukiomba vipimo vingi kwa ombi moja, kimoja kinachochelewa kinaweza kuzuia siku nzima, kwa hiyo `views` ni bora uiombe peke yake.

Kuna hali nyingine inayoshangaza watu zaidi ya zote, nayo inatokana na saa hiyohiyo. Pandisha video saa tatu asubuhi ya Ijumaa mwezi Januari, na ripoti itaonyesha utazamaji wa Alhamisi, siku moja kabla ya video kuwapo. Hakuna kilichoharibika. Kule Pasifiki ilikuwa bado saa nne usiku ya Alhamisi. Vivyo hivyo mwisho wa mwezi: utazamaji wa asubuhi ya tarehe 1 yetu, kabla ya saa nne au saa tano, huingia kwenye hesabu ya mwezi uliopita. Na ile Jumapili ya Machi wanaposogeza saa, siku ya ripoti ina saa 23. Ya Novemba ina saa 25. Usilinganishe siku hizo na Jumapili nyingine ukasema watazamaji wamepungua au wameongezeka.

Kwa mwenye video fupi za `Shorts` ongeza tahadhari moja. Tangu tarehe 31 Machi 2025, kila mara `Shorts` inapoanza kucheza au kurudia inahesabiwa kuwa `Views`, bila kiwango cha chini cha muda. Hesabu ya zamani imebaki kwa jina la `Engaged views`, na ndiyo inayotumika kwenye malipo. Ukiweka kipimo kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, utapata pengo ambalo hakuna usawazishaji wa saa utakaoliziba.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Saa 48 zinapotimia, napiga picha ya kioo ya kadi ya `Realtime` palepale, kisha naandika nguzo za saa zilizovuka saa tano asubuhi (au saa nne, kulingana na mwezi). Dirisha likishatembea huwezi tena kuzipata hapo, na ripoti ya siku haikupi sehemu ya siku. Siku ya nne napakua ripoti ya tarehe na kufungua `Table data.csv`. Ikiwa video inaweza kusubiri, naipandisha saa tano asubuhi kamili kati ya Novemba na Machi, au saa nne asubuhi miezi mingine. Hapo saa 48 za kwanza zinakuwa sawasawa na siku mbili nzima za ripoti, na hakuna cha kukata. Kwa video za bei ya samaki hilo linakubalika, maana saa hizo ngalawa zimesharudi na mnada umekwisha. Kwa kipindi cha jioni haliwezekani.

Pasipowezekana, maneno ya mkataba ndiyo yanayookoa. "Utazamaji wa saa 48 za kwanza" ni maneno ya kuleta ugomvi, kwa kuwa ripoti iliyofungwa haiwezi kuyathibitisha kwa video iliyopandishwa saa moja jioni. Sentensi ninayoitumia ni hii: "Malipo yatafuata utazamaji wa tarehe ya kupandishwa na tarehe mbili zinazofuata, kwa saa za Pasifiki, kama unavyoonekana kwenye ripoti ya YouTube Studio siku ya saba baada ya kupandishwa." Kwa video ya mfano wetu, hizo ni tarehe 10, 11 na 12, na mdhamini anaweza kuketi nawe mkazifungua pamoja kwenye simu moja.

Kadi ya `Realtime` naipa alama za juu kwa kazi yake: kujua kama kichwa kinavuta watu, au kama kiungo ulichotuma kwenye kundi la wavuvi kinafunguka. Kwa ankara, naiachia ripoti.