Seramu ya vitamini C iliyopikwa kwenye kabati la kioo: uzoefu wangu na duka moja la vipodozi Kariakoo

Jamani duka silitaji jina ila nina hasira nalo mpaka sasa. Nilinunua seramu ya vitamini C, ile asilimia 15 yenye vitamini C yenyewe kabisa, kichupa cha dropa, hela ndefu tu, kipindi kile cha joto la Dar la kabla ya masika ambapo hata usiku ukuta una moto. Nafika nyumbani nafungua, sili ipo, tarehe ya kuisha bado mbali sana, nadondosha tone kwenye tishu nyeupe naona rangi ya chai ya rangi. Sio njano ya mbali, chai kabisa.

Kesho yake nikarudi. Kaka aliyekuwa kaunta hata hakukishika kichupa, akaniambia "dada hiyo rangi ndo yake, ina karoti ndani." Nikamwonyesha orodha ya viambato kwenye boksi, karoti haipo. Akageukia wateja wengine akasema kwa sauti, "hawa wasio na friji nyumbani wasiwe wananunua vitu hivi, wanaviunguza halafu wanatuletea." Mbele za watu! Kitu nimekaa nacho usiku mmoja!

Sasa sikilizeni kilichofuata. Binti mmoja wa pale dukani, alikuwa anapanga mzigo nyuma, akaja kimyakimya na kichupa kingine alichokitoa kwenye katoni stoo. Nikasoma chini ya chupa, namba ya toleo ileile, tarehe ileile. Tukadondosha tone la hiki na tone la changu kwenye tishu moja. Chake kama maji, changu kahawia. Mzigo mmoja, kiwanda kimoja, tofauti ni kwamba changu kilikuwa kimesimama kwenye kabati la kioo linalotazama barabarani, jua la mchana linaingia moja kwa moja na juu yake kuna zile taa za kumulika ambazo ukiweka mkono unausikia moto.

Na hapa ndo naomba wenye maduka wanielewe. Vitamini C ya aina hii ikishayeyushwa kwenye maji inaanza kuliwa na hewa hapohapo, ndo maana watengenezaji wanaiweka kwenye maji yenye asidi kali, pH chini ya 3.5, na chupa nyeusi ili mwanga usiingie. Lakini hewa ipo ndani ya chupa hata kabla hujakata sili, ile nafasi ya juu pale, na nyingine imeyeyuka kwenye maji yenyewe. Joto linaiongezea kasi tu. Kwa makadirio ya kawaida ya watu wa kemia, kila nyuzi 10 zikipanda kasi ya kuharibika inakaribia kuzidi mara mbili, kwa hiyo kitu kilichopangiwa kukaa kwenye nyuzi 25 ukikiweka kwenye 45 nyuma ya kioo, kinazeeka kama mara nne. Tarehe ya kuisha kwenye boksi haijui hayo, imeandikwa kwa kuamini kwamba umekitunza vizuri. Kwa hiyo kuniambia "mbona haijaekspaya" sio jibu, aisee.

Halafu njano ya mbali mimi siigombi, kuna seramu zinatoka kiwandani na rangi kidogo hasa zenye asidi feruliki. Kipimo changu ni kwamba rangi ya siku ya kwanza naikumbuka, ikisogea kwenda rangi ya asali naharakisha kuimaliza, ikifika kahawia natupa. Ikishafika kahawia vitamini uliyoilipia kwa sehemu kubwa imeshavunjika, kilichobaki kinapaka madoa kola ya shati na kwenye ncha za vidole.

Yule kaka hakuishia hapo. Wakati ananibadilishia (baada ya binti kumsemea, sio kwa hiari yake) akaniambia nikaiweke bafuni, "kule kuna ubaridi." Bafuni! Bafu za kwetu ndoo ya maji moto ikimwagwa mvuke unajaa mpaka kioo kinalia. Mdogo wangu krimu yake ya kopo ilikaa bafuni, siku moja nageuza kifuniko naona vidoti vya kijani na kijivu kwa ndani, huku krimu yenyewe kwa juu ni nyeupe safi. Mnajua kwa nini? Mchana krimu inapata joto, maji yake yanapanda kama mvuke na kuganda chini ya kifuniko, usiku yanapoa yanakaa pale kama matone. Vile vihifadhi vinavyozuia ukungu vimebaki chini kwenye krimu, havikupanda na mvuke, kwa hiyo tone lile ni maji matupu yasiyo na ulinzi wowote. Ongeza vidole vyenye maji ya kuoga, basi. Kopo likishaota hivyo usikwangue juu ukaendelea kupaka, hicho cha chini huwezi kukiona kimeingiliwa kiasi gani. Na krimu ikijitenga mafuta juu maji chini pia itupwe, maana kihifadhi kingine kinakimbilia kwenye mafuta na upande wa maji unabaki mtupu.

Kichupa cha pili nakiweka friji, rafu ya katikati kwa nyuma, sio mlangoni maana mlango unafunguliwa kila saa unapata joto. Kipo ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana. Shida ya Dar ni kwamba chupa ya baridi ukiitoa tu inatoka jasho, na jasho hilo likiingia shingoni mwa chupa ni maji tena, kwa hiyo naifuta, navuta kiasi ninachotaka, nafunga, narudisha, ndo napaka. Siiachi wazi mezani nikiendelea na mambo mengine. Umeme ukikatika friji silifungui, likifungwa linashika ubaridi saa kama nne hivi. Frizani siweki kitu, krimu ikiganda ikayeyuka inaweza kukatika.

Kwa wasio na friji, ile ya kuweka karibu na mtungi wa maji msiitegemee huku pwani, mtungi unapoza kwa maji kukauka na hewa yetu imeshiba unyevu, Dodoma ingefaa zaidi. Bora kununua chupa ndogo ya mililita 15 uimalize haraka, au uachane na vitamini C ya aina hii uchukue niasinamidi, inavumilia joto letu vizuri zaidi, uiweke kabatini chini kwenye chumba ambacho bati halichomi, chupa ya pampu sio kopo.

Nyota? Seramu nilikuwa naipa tano, kwa sababu hiki kichupa cha stoo kinafanya kazi kweli, uso umechangamka na bado kina rangi ileile. Ila nao watengenezaji, dropa kwa kitu kinacholiwa na hewa? Kila ukifungua unakiingizia hewa mpya. Basi nne. Duka nilitaka kulipatia nyota mbili kwa ajili ya yule binti, lakini juzi nimepita pale, vichupa vya seramu ileile vimejipanga kwenye kioo kilekile, jua linavipiga. Moja. Sabuni na vaselini nitanunua kwao, seramu sinunui tena pale mpaka watoe zile chupa dirishani.