Nililipia jina la biashara ya mbuzi: uzoefu wangu

Nafuga mbuzi wa mbegu huku Wete, majike 14 na mabeberu mawili. Nilimlipa kijana mmoja mchora mabango shilingi 80,000 anitafutie jina na aniandikie bango. Nampa nyota tatu kati ya tano.

Jina la kwanza lilikuwa Afya Mifugo. Nikalipenda, bango likapakwa, na wiki ileile watu wakaanza kuja kuulizia dawa ya minyoo. Bwana mmoja aliniletea kuku aliyevimba jicho! Kumbe neno afya likikaa mlangoni, watu wanasoma duka la dawa. La pili, Rekodi Mbuzi, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini: "Hii si studio ya taarabu?" La tatu, Wazima Daima, nililikataa mwenyewe. Mbuzi huumwa. Siku mnunuzi akimsikia mmoja anakohoa bandani, jina zima limegeuka uongo.

Nikamwambia aje akae bandani asubuhi moja, aone wateja wanaangalia nini. Akaona wanafungua mdomo kutazama meno, kisha wanashika sikio. Mbuzi wangu wote wana hereni ya plastiki yenye namba. 24/07 ni mtoto wa saba kuzaliwa mwaka 2024, na namba hiyo ina ukurasa wake daftarini: mama, baba, siku ya kuzaliwa, chanjo, dawa ya minyoo. Akarudi na Mbuzi wa Hereni, na chini yake kwa herufi ndogo: Kila namba na ukurasa wake.

Safari hii hatukupaka rangi kwanza. Tuliwaonyesha watu kumi sokoni karatasi yenye jina tu, tukauliza hapa panauzwa nini. Saba walisema mbuzi walioandikwa namba. Wawili walidhani vipuli vya wanawake, mmoja alipita zake. Kisha nikaulizia kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali kama halijachukuliwa. Hilo kijana hakunikumbusha, na ndiyo nyota moja niliyomkata. Nyingine ni ya bango lililoharibika.

Faida nimeiona kwa mteja wa Micheweni aliyemtaka beberu 24/07. Kabla ya hapo alishachukua kwangu majike mawili, 23/02 na 23/05. Alisoma bango, akaniambia, "Haya, nionyeshe ukurasa." Tukafungua: baba wa wote watatu ni mmoja. Ningemuuzia, angempandisha kaka kwa dada zake. Alimchukua 24/11, wa baba mwingine.

Lakini jina hili linabana. Jike mmoja alinasa kwenye seng'enge, hereni ikachomoka na sikio likachanika. Mimi namjua kwa baka jeupe la pajani, ila baka sikuwa nimeliandika. Mnunuzi akanyoosha kidole kwenye bango: "Hereni yake iko wapi, mzee?" Akaondoka. Siku hizi kila ukurasa una rangi na alama za mbuzi, na jike yule bado yupo bandani.