TAHADHARI: "Kijana wa benki" anayewapigia wazee simu kwa heshima zote

Wazee wenzangu, na nyie wenye wazazi wanaokaa peke yao, someni hii. Nimekaa nayo moyoni kwa sababu ya aibu, ila sasa hasira imeishinda aibu.

Kuna mtu anapiga simu, anajiita afisa wa kitengo cha kuzuia wizi wa benki. Sauti ya kijana, tulivu, hana haraka. "Shikamoo mama." Akataja majina yangu yote matatu, akataja na tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Niambieni, hapo nani angesema huyu ni mwizi? Tena hakuwa mgeni kwangu. Alishapiga kabla, akidai wanahakiki taarifa za wateja wa siku nyingi, na siku hizo hakuomba kitu chochote. Aliuliza kama huduma inaniridhisha, presha inaendeleaje, kama nimelala vizuri. Mnajua nyumba hii ilivyo tangu mzee aondoke. Kuna siku jua linazama sijafungua mdomo kuongea na mtu. Siku moja akawa anakohoa, nikampa pole na kumwelekeza dawa. Mwizi wangu nilimuuguza!

Siku yenyewe akapiga kwa sauti nyingine kabisa. "Mama, kuna mtu yuko ndani ya akaunti yako sasa hivi, anachota akiba, na tunashuku ni mfanyakazi wa tawi lako." Kwa hiyo nisiende tawini, nisimwambie mtu, hata wanangu, mtuhumiwa asije akashtuka. Na nisikate simu. Mikono ikaanza kutetemeka. Ujumbe ukaingia. Miwani ilikuwa chumbani, nikamwambia asubiri niifuate, akanijibu, "Usisumbuke mama, nisomee zile tarakimu tu, ndizo za kuzuia muamala." Nikaisogeza simu mbali na macho, nikamsomea moja moja, naye akawa anazirudia kwa upole, na kunishukuru.

Baadaye, miwani usoni, ndipo nikausoma ujumbe wote. Ulisema nimeomba kusajili kifaa kipya, na nambari hiyo nisimpe mtu yeyote. Yaani haikuzuia chochote. Ndiyo iliyofungua akaunti yangu kwenye simu yake. Kuanzia hapo programu ya benki ikawa mkononi mwake, anaona salio, anahamisha anavyotaka, huku bado yuko hewani ananiuliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani! Sasa naelewa kwa nini hakutaka nikate. Benki ilikuwa inanitumia ujumbe kila pesa ilipotoka, na mimi simu iko sikioni, nitauona wapi?

Mafao yote ya kustaafu yakaondoka hivyo.

Wapo watakaosema "na mama naye". Semeni, ila jueni kwamba wizi huu umeshonwa kwa kipimo cha mzee. Binti yangu sikumwambia siku ile. Nilijua atasema kadi aishike yeye, na mzee akishanyang'anywa kadi, hairudi tena. Mwizi anaijua hofu hiyo kuliko watoto wetu wanavyoijua. Nilipokuwa najikaza kimya, pesa zilikuwa zinarushwa akaunti hadi akaunti. Benki waliniambia ningepiga saa ileile, wangeweza kuomba akaunti iliyopokea ifungiwe kabla hazijatolewa zote.

Hata hawakuishia hapo. Akaja mwingine, "wakili wa kurejesha fedha zilizoibwa", anajua kiasi nilichopoteza, anataka ada kwanza. Angekijuaje kama si walewale, au wameuziana jina langu? Safari hii binti alikuwa pembeni, akamkatia simu. Majina ya walioliwa yanazungushwa, kwa hiyo ukishaibiwa mara moja, tegemea simu ya pili.

Haya, dalili. Akikuambia uwafiche wanao au wafanyakazi wa benki, huyo ni mwizi, hakuna benki inayosema hivyo. Nambari inayoingia kwa ujumbe haisomewi mtu, hata awe na adabu namna gani. Jina la benki kutokea kwenye kioo cha simu si ushahidi, linaghushiwa. Kata, kisha piga mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, na kama kuna simu nyingine, tumia hiyo. Mengine nitaongeza nikitulia, leo siwezi.

Na huyo kijana, kama Mungu yupo, na yupo, akamatwe. Afungwe, akae mahali asipoongea na mtu kutwa nzima, aone ilivyo. Na aliyempa majina yangu na tarakimu za kadi yangu afungwe naye, maana hakuziota.